Jerikeni limejaa au ni tupu? Maswali ya kuanimeti mtu anayenyanyua na kubeba kitu kizito

Nimekusanya hapa maswali ambayo vijana wananiuliza tena na tena, wengi wako Kampala na Busia, wanatumia Blender, programu ya kuanimeti, kwa laptop za kawaida tu. Karibu yote nayajibu kwa mfano mmoja, jerikeni la lita 20, na fremu zote nazihesabu kwa 24 kwa sekunde.

Mbona jerikeni kila siku, kwani hakuna vitu vingine vizito?

Vipo vingi, lakini jerikeni lina kitu kimoja ambacho gunia halina. Likiwa tupu ni kama kilo moja hivi, likijaa maji ni kilo 20 na kidogo juu, na kwa macho ni lilelile, rangi ileile ya njano, umbo lilelile. Kwa hiyo mtazamaji hana pa kujua uzito isipokuwa kwa mwili wa anayebeba. Ukianimeti gunia kubwa mtu anajua tayari ni zito, unapata maksi za bure. Kwa jerikeni hupati maksi za bure. Kila mtu Uganda ameshabeba maji, hata aliyekulia mjini kuna siku bomba lilikauka, kwa hiyo ukidanganya wanakuona papo hapo hata kama hawawezi kukuambia kosa liko wapi.

Nimeweka mhusika anakunja uso, anatoka jasho, lakini bado jerikeni linaonekana kama limejaa pamba. Shida nini?

Shida uso unakuja mwisho kabisa, wewe umeanza nao. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo kwa kazi yangu ya kwanza ya kulipwa, tangazo dogo la sekunde 20, nikakaa siku mbili na nyusi na jasho, mteja akatazama mara moja akasema, "Huyu anaigiza tu." Alikuwa sawa.

Uzito unaonekana sehemu mbili. Ya kwanza ni muda unaopita kati ya mkono kushika na kitu kuachana na ardhi. Ya pili ni nyonga ziko wapi ukilinganisha na miguu. Ukiwa na hizo mbili unaweza kufuta uso mzima na mtu bado atasema hilo limejaa. Ukikosa hizo mbili, jasho halisaidii.

Sawa, nipe kunyanyua kwenyewe, fremu kwa fremu.

Tuanze na tupu ili uone tofauti. Jerikeni tupu: fremu ya 1 amesimama, fremu ya 8 mkono umefika kwenye mshiko, ya 10 linaondoka, ya 18 ameshasimama wima. Mtu hata hakunji magoti vizuri, anainama tu mgongo kama anaokota kavera, na vidole vinaanza kushika mkono ukiwa bado unatembea. Sekunde sifuri nukta saba na kitu, imeisha.

Sasa lililojaa. Fremu 1 mpaka 14 anashuka, lakini kabla ya kushuka anasogeza mguu, jerikeni liwe karibu na kifundo cha mguu wake kabisa, kwa sababu kitu kizito hakinyanyuliwi kikiwa mbali. Magoti yanakunjika, nyonga zinarudi nyuma. Fremu 14 mpaka 20 mkono uko kwenye mshiko, vidole vinafunga, anapanga kushika. Watu wengi wanaruka hapa.

Fremu 20 mpaka 28 ndio moyo wa kazi yote. Nyonga zinapanda kidogo, sentimita mbili tatu, mkono unanyooka kabisa, bega la upande ule linavutwa chini, kifua kinalalia upande wa pili, NA JERIKENI HALISOGEI. Fremu nane mwili unafanya kazi na kitu hakijibu. Hapo ndipo mtazamaji anausikia uzito kwa mwili wake mwenyewe.

Fremu 28 linaachana na chini, lakini mpaka 34 liwe limepanda sentimita nne au tano tu. Kuanzia 34 mpaka 46 ndio linapanda kweli kweli, miguu ikinyooka, kwa sababu mwili umeshapata mwendo. Kutoka 46 mpaka 60 ni kutulia, yaani nyonga zinapitiliza kidogo upande wa pili wa mzigo alafu zinarudi, anahamisha mguu mmoja nusu hatua, anapumua. Jumla fremu 60, sekunde mbili na nusu, dhidi ya 18 za lile tupu.

Usizichukue namba hizi kama sheria. Mwanajeshi mwenye mwili atamaliza kwa 40, mzee wa miaka 70 atatumia 90 na mkono mmoja kwenye goti. Lakini ule muda wa kitu kutosogea usiuondoe kwa mtu yeyote, hata huyo mwanajeshi muachie fremu nne.

Ni kiungo gani kinaanza kusogea?

Nyonga. Alafu kifua, alafu bega, alafu mkono unanyooka, alafu jerikeni. Fikiria kamba ya kuvuta ng'ombe, inalegea kwanza, inakaza, ndio ng'ombe anasogea. Mkono wako ni hiyo kamba. Ukinionyesha kiwiko kimekunjika wakati wa kunyanyua kilo 20 kwa mkono mmoja nitakuambia jerikeni ni tupu, sihitaji kuona zaidi. Kosa hili linakuja kwa sababu watu wanaanza kuanimeti mkono, wanaukamata wanaupandisha, alafu mwili unafuata nyuma. Anza blokingi yako, yaani zile pozi kuu za mwanzo, kwa nyonga peke yake, ficha mikono kama unaweza, nyonga zikisema kweli ndio unarudisha vingine.

Mhusika ainame upande kiasi gani akiwa amebeba? Mimi nakadiria tu kwa macho.

Macho yanatosha ukishazoea, lakini hesabu yake ni rahisi na itakusaidia mara za kwanza. Tuseme mtu wako ni kilo 65, jerikeni ni kilo 21, na linaning'inia sentimita 30 kutoka katikati ya mwili wake. Unazidisha uzito wa mzigo na umbali wake, unagawanya kwa uzito wa mtu:

```
21 x 30 / 65 = 9.7
```

Yaani mwili wake inabidi uende karibu sentimita 10 upande wa pili, la sivyo ataanza kuegemea jerikeni na mguu mmoja ubebe kila kitu. Fanya hesabu ileile na jerikeni tupu la kilo moja unapata kama nusu sentimita, haionekani. Tofauti yote ya pozi ni hiyo hapo, sentimita kumi dhidi ya nusu.

Sasa hizo kumi usizimalize kwa kuukunja mgongo kama ndizi. Zigawe: nyonga zinasogea kidogo, mgongo unalala kidogo, shingo inarudi upande wa mzigo ili kichwa kibaki karibu wima maana mtu anataka kuona njia, na mkono ulio huru unatoka nje mbali na mwili. Huo mkono huru si pambo, ni sehemu ya mizani. Ukiuacha umelala kwenye paja wakati mkono mwingine una kilo 20, pozi nzima inakufa.

Njia ya kupima: simamisha fremu, angalia kutoka mbele, kadiria katikati ya uzito wa mtu na jerikeni kwa pamoja, shusha mstari mpaka chini. Ukitua kati ya nyayo, sawa. Ukitua nje, mtu wako anaanguka, hata kama kompyuta haijui.

Kutembea je? Nimechukua ile walk yangu ya kawaida nikaipunguza spidi.

Hapana, hapo umepata mtu anayetembea ndani ya maji. Kupunguza spidi kunachelewesha kila kitu sawasawa, na mzigo haufanyi hivyo, mzigo unachelewesha vingine na kuharakisha vingine.

Kutembea kwa kawaida tunaweka fremu 12 kwa hatua. Akiwa na jerikeni lililojaa wastani utafika kama 16, lakini hatua zinakuwa fupi, na mguu haukai hewani, unakaa chini muda mrefu alafu unapita haraka, chini chini, karibu kukwaruza udongo. Muda ambao miguu yote miwili iko chini unaongezeka sana.

Na hapa kuna kitu ambacho nilikiona baada ya miaka, nikajisikia mjinga. Hatua mbili hazilingani. Tuseme jerikeni liko mkono wa kulia. Akisimama mguu wa kulia, mzigo uko karibu juu ya mguu huo, ni rahisi. Akisimama mguu wa kushoto, mguu wa kulia ukiwa hewani, mzigo unaning'inia upande ambao hauna mguu chini, nyonga inataka kuporomoka kulia na misuli ya upande wa kushoto ndiyo inaishikilia yote. Mtu hapendi kukaa hapo. Kwa hiyo mguu wa kulia anautupa chini haraka. Mimi naweka fremu 14 akiwa amesimama kushoto na 18 akiwa amesimama kulia, unapata mdundo wa kuchechemea kidogo, ta-taam, ta-taam. Nenda kasimame karibu na bomba lolote asubuhi, sikiliza ndala tu bila kuangalia, utausikia.

Jerikeni lenyewe lisogee vipi wakati anatembea?

Kidogo kuliko unavyodhani. Kitu kizito hakipendi kubadilisha mwelekeo, kwa hiyo mwili unaruka juu chini kukizunguka, chenyewe kinakwenda karibu mstari ulionyooka. Washa Motion Paths kwenye Blender uangalie njia ya jerikeni, kama unaona mawimbi makubwa kama milima ya Kisoro, hilo ni tupu. Mkono unaobeba hauswing mbele nyuma kama ule mwingine, unatingishika tu, na mara moja moja jerikeni linagonga paja.

Alafu lichelewe. Nyonga zikifika chini kabisa baada ya mguu kutua, jerikeni lifike chini fremu mbili baadaye, na bega lishuke nalo. Fremu mbili tu, usizidishe.

Mtu aliniuliza pia kuhusu maji kucheza ndani. Lililojaa mpaka juu halichezi, maji hayana nafasi ya kwenda. Linalocheza ni lililo nusu, na hilo linamvuta mtu mbele nyuma kila hatua, ni animesheni nyingine kabisa na ngumu zaidi. Kama ni mara yako ya kwanza, jaza na ufunge kifuniko.

Kwenye Blender jerikeni linateleza kuelekea mkononi kabla hajalishika, na akiliweka chini linaruka kurudi kwenye bomba. Nimechoka.

Hilo la kwanza ni la Child Of. Umeweka jerikeni lifuate mfupa wa mkono, ukapiga kii, yaani kurekodi thamani kwenye fremu, Influence iwe 0 na baadaye iwe 1, na Blender ikajaza katikati 0.2, 0.5, 0.8, ndio maana linateleza. Nenda Graph Editor, chagua hizo kii za Influence, bonyeza T, chagua Constant. Ibadilike kwa fremu moja, ile ya 28, siyo ya 20, maana kati ya 20 na 28 mkono uko pale lakini jerikeni ni la ardhi bado. Na kumbuka kubonyeza Set Inverse ukiwa kwenye fremu hiyohiyo mkono ukiwa kwenye mshiko, ukibonyeza sehemu nyingine litaruka.

Kwa hizo fremu nane za kuvuta, kontrola ya IK ya mkono, ile unayosogeza kiganja na mkono mzima ukafuata, iwe na kii mbili zinazofanana, 20 na 28, ili kiganja kisitikisike hata mwili ukipanda. Mkono utanyooka wenyewe. Usijaribu kufanya mkono ufuate jerikeni na jerikeni lifuate mkono kwa wakati mmoja, Blender itakulalamikia kuhusu dependency cycle na mambo yataanza kuchelewa fremu moja moja.

La pili, kuruka kurudi. Influence ikirudi 0 jerikeni linakumbuka mahali pake pa zamani. Kwa hiyo kwenye fremu ya kabla ya kuachia piga kii ya location na rotation kama zilivyo. Alafu nenda fremu ya kuachia Influence ikiwa bado 1, bonyeza Ctrl+A, chagua Visual Transform, weka Influence 0, upige kii zote. Zile kii za location na rotation nazo ziwe Constant.

Goti linaruka ghafla akisimama. Ni bugi?

Siyo bugi, mguu wa IK umenyooshwa mpaka mwisho na ukipita hapo goti linafyatuka. Shusha nyonga sentimita moja au mbili. Na kwa kweli mtu mwenye mzigo hanyooshi goti mpaka mwisho akitembea, anaacha kikunjo kidogo, kwa hiyo hapa dawa ya kiufundi na dawa ya pozi ni moja.

Nilijirekodi kwa simu nikaigiza, kwa nini nikifuata video yangu haifanyi kazi?

Kwanza jiulize, jerikeni ulilobeba lilikuwa na maji? Wengi wanabeba tupu na kuigiza uzito, na mwili hauwezi kuigiza uzito, unaigiza unavyofikiri uzito unaonekana, yaani uso na magoti yanayotetemeka. Jaza maji. Mimi nilimrekodi mpwa wangu mara mbili, mara ya kwanza tupu akiigiza na mara ya pili limejaa, nikaziweka pembeni kwa pembeni, na ile iliyojaa ilikuwa na maigizo machache kuliko ile ya tupu. Uso wake ulikuwa kimya kabisa. Alichofanya ni kusogeza mguu karibu, kusubiri kidogo, na kuinuka.

Pili, simu nyingi zinarekodi fremu 30 kwa sekunde na tena hazitulii, mara 29 mara 31, kwa hiyo ukihesabu fremu za video na kuzipeleka kwenye 24 taimingi yote inavurugika. Kunyanyua kwa mpwa wangu kulikuwa fremu 75 kwenye simu, ambazo ni 60 kwenye 24. Igeuze kwanza:

```
ffmpeg -i simu.mp4 -vf fps=24 jerikeni24.mp4
```

Rekodi mbele na pembeni. Kutoka pembeni peke yake huoni ule mlalo wa sentimita kumi, na ndio pozi yenyewe.

Akiliangusha, lile lililojaa lianguke haraka zaidi, sindio?

Hapana. Yote mawili yanaanguka sawa kwa umbali huu. Kutoka urefu wa mita moja ni kama fremu 11, kutoka sentimita tano ni fremu mbili na kidogo, liwe limejaa au tupu. Nimeona watu wanaliangusha lililojaa kwa fremu nne kutoka kiunoni, linaonekana kama limepigwa risasi chini.

Tofauti iko baada ya kugusa. Tupu linadunda, linalala, linabingirika na kelele. Lililojaa linatua na kukaa, labda linayumba mara moja. Na mwili wa aliyeachia ndio unasema zaidi: alikuwa amelalia upande wa pili sentimita kumi, mzigo umetoka ghafla, kwa hiyo bega linaruka juu na mwili unapitiliza kabla ya kurudi katikati, fremu 6 mpaka 10 hivi. Alafu anafungua na kufunga vidole. Hicho kitendo cha vidole hakina gharama na kinauza kuliko jasho lako lote.

Kwa kuweka chini taratibu, watu huwa wanashusha kwa mpango mpaka zile sentimita tano za mwisho alafu wanaachia, tup. Usifanye lishuke laini mpaka mwisho, hakuna anayefanya hivyo baada ya kutembea kutoka bombani.

Na kichwani?

Hapo sahau karibu yote niliyosema kuhusu kulala upande. Mzigo uko juu ya katikati, mgongo unanyooka, kichwa hakiruki, na kazi yote ya kusawazisha iko kwenye nyonga na magoti yanayokula mtikisiko. Weka kata, kile kitambaa kilichoviringwa, chini yake. Kigumu ni kulifikisha pale juu, mara nyingi mtu anasaidiwa, au linapitia kwenye paja kwanza, na hiyo ni shoti ya peke yake.

Mhusika wangu ni mtoto wa miaka minane, niweke hizo namba zako?

Fanya hesabu tena na uzito wake. Mtoto wa kilo 25 na jerikeni la lita 20 kwa mkono mmoja, likiwa sentimita 25 kutoka katikati, inabidi alale sentimita 21, mwili mdogo vile hauwezi, ataanguka. Ndio maana watoto wanabeba la lita 5 au 10, au wanalishika kwa mikono miwili mbele na kutembea wamelalia nyuma, magoti yakiligonga kila hatua, na kila baada ya hatua kumi na kitu wanaliweka chini. La lita 10 kwa mkono mmoja ni kama sentimita 10, sawa na yule mtu mzima, ila kwa mwili wa urefu ule inaonekana kubwa zaidi kwa macho, kwa hiyo usiongeze chochote. Na mpe hatua za haraka, fupi sana, fremu 9 au 10, mtoto mwenye mzigo hatembei polepole, anakimbilia mahali pa kuutua.